Kadi umeiweka mara moja, wanakukata kila mwezi: inavyofanya kazi na jinsi ya kuzuia kisawasawa

Swali ninaloulizwa sana kuhusu kadi ni hili: "Mbona wamenikata hela na mimi sijaweka OTP?" Na anayeuliza anakuwa ameshapaniki, ameshapiga simu benki kusema kadi yake imeibwa, kumbe muamala wenyewe ni wa apu aliyojiunga nayo mwenyewe miezi kadhaa nyuma akaisahau. Kazi yangu ni kuunganisha malipo ya kadi kwenye tovuti za wafanyabiashara, kwa hiyo hii kitu naiona kutoka upande wa anayekata, na ukiiona kutoka huko unaelewa kwa nini mbinu zetu nyingi za kuzuia makato, kama kufuta apu, kuacha akaunti tupu au kubadilisha kadi, zinashindwa.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Tuseme kuna dada yuko Tabata, anadizaini kadi za harusi na mabango ya maduka. Tarehe 3 Machi anajiunga na apu ya kudizaini ya nje, wiki mbili bure, baada ya hapo dola 12.99 kila mwezi. Ana kadi ya debiti ya Visa, akaunti yake ni ya shilingi. Anaweka namba za kadi, OTP, ile namba ya siri ya mara moja, inakuja kwenye simu, anaiingiza, basi, kazi inaanza.

Hatua ya 1: Jua siku ile uliruhusu nini

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye malipo ya namna hii kuna ruhusa mbili na watu wengi wanaziona kama ni moja. Ya kwanza ni ruhusa yako wewe kwa mfanyabiashara, kwamba "nikatieni kiasi hiki kila mwezi mpaka niseme basi". Hii unaitoa mara moja tu, siku ya kujiunga, na inakaa kwake, kwenye kumbukumbu zake, siyo benki. Ya pili ni kibali cha benki, na hiki kinaombwa upya kila mwezi, kila hela inapotaka kutoka. Kwa hiyo mtu akikwambia umeidhinisha mara moja wao wanakata milele, yuko sahihi nusu. Wewe ndiye uliyeidhinisha mara moja. Benki inaulizwa kila mara, sema inaulizwa bila wewe kuwepo.

Ruhusa yako inakuwa kwenye yale maandishi madogo karibu na kitufe cha kukubali, au kwenye kile kiboksi ulichotiki. Pale panatakiwa paonyeshe kiasi, kila baada ya muda gani, lini wanaanza kukata, na unajitoaje. Piga skrinshoti ya huo ukurasa kabla hujabonyeza, kwa sababu ukiurudia baada ya miezi mitatu unaweza ukakuta umeshabadilishwa, na siku ya kubishana na mtu hiyo picha ndio silaha yako.

Sasa yule dada tarehe 3 Machi hakukatwa kitu, lakini meseji ya benki ilimjia inasema muamala wa dola 0.00, akacheka akaipuuza. Ule ndio ulikuwa muamala wenyewe. Mfanyabiashara alituma benki ombi la dola sifuri la kuuliza tu "hii kadi iko hai?", na ndani ya ombi lile kulikuwa na alama inayosema kadi hii inahifadhiwa kwa ajili ya makato ya baadaye. Wengine hawatumi sifuri, wanashika dola moja halafu wanaiachia, na kwa kadi ya debiti hiyo dola inaweza ikakaa siku kadhaa ndipo ionekane imerudi. Ukiona muamala wa sifuri au wa dola moja uliorudishwa kutoka kwa kampuni unayoijua, hiyo siyo hitilafu, kadi yako imeshahifadhiwa mahali.

Na OTP je? Ile ilikuwa ni benki inahakikisha kwamba aliyeshika kadi siku ile ni wewe kweli. Inafanyika mwanzoni. Na siyo wote wanaifanya hata hiyo mara moja, kampuni nyingi za Marekani hazipitishi muamala kwenye ule ukurasa wa OTP, unaweka namba, tarehe na CVV, zile namba tatu za nyuma ya kadi, imepita, kwa hiyo usiseme "sikuweka OTP kwa hiyo sijajiunga", inawezekana kabisa umejiunga.

Hatua ya 2: Jua wamehifadhi nini hasa

Wengi wanafikiri duka lina namba zote 16 na CVV limeziandika mahali. Mara nyingi sivyo. CVV hairuhusiwi kuhifadhiwa na mfanyabiashara baada ya muamala kuidhinishwa, hata kwa kuificha kwa siri, hiyo ni sheria ya usalama wa kadi inayoitwa PCI DSS. Namba za kadi zenyewe zinabaki kwa kampuni inayochakata malipo, na mfanyabiashara anarudishiwa tokeni, yaani msimbo usio na maana kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye na yule mchakataji wake.

Ili usione ni maneno matupu, hivi ndivyo inavyoonekana kwetu sisi. Mfano ni wa Paystack, ambayo inatumika Kenya. Mteja akishalipa mara ya kwanza, tukiuliza matokeo ya muamala tunarudishiwa kitu kama hiki, nimekifupisha:

```json
"authorization": {
  "authorization_code": "AUTH_xxxxxxxx",
  "last4": "4081",
  "exp_month": "08",
  "exp_year": "2028",
  "reusable": true
}
```

Angalia kilichomo. Namba nne za mwisho, tarehe ya kuisha, na ile `authorization_code`. Namba kamili ya kadi haipo. Neno la kuangalia ni `reusable`, ikiwa `true` maana yake naweza kukata tena kwa msimbo huohuo bila kukuuliza. Mwezi ukifika, mfumo wangu unatuma hii:

```
POST https://api.paystack.co/transaction/charge_authorization

{
  "email": "mteja@example.com",
  "amount": "50000",
  "currency": "KES",
  "authorization_code": "AUTH_xxxxxxxx"
}
```

Hiyo 50000 ni senti, kwa hiyo ni shilingi 500 za Kenya. Unaona CVV hapo? Haipo. OTP? Haipo. Na kiasi nakiandika mimi mfanyabiashara. Kwenye lile ombi hakuna sehemu inayomwambia mchakataji kwamba mteja huyu alikubali 500 tu, kwa hiyo nikiteleza nikaandika 500000 itatumwa shilingi 5,000 na hela ikiwepo benki inaweza ikaipitisha vizuri tu. Ndio maana ile skrinshoti ya makubaliano ni muhimu. Kikomo kiko kwenye makubaliano yenu, mashine haina habari nacho.

Hii pia inajibu lile swali la kadi za mtandaoni ambazo CVV yake inabadilika kila baada ya muda mfupi. Watu wanasema "mimi niko salama, CVV niliyowapa imeshakufa". CVV hiyo ilikuwa ya siku ya kwanza tu ndugu yangu, makato yanayofuata hayaihitaji. Ukiwa na hela kwenye hiyo kadi, inaweza ikakatika.

(Usichanganye na M-PESA Ratiba ya Kenya wala standingi oda ya benki. Kule wewe ndiye unayeweka amri kwenye akaunti yako kwamba hela iende kwa fulani, amri inakaa upande wako, unaifuta wewe. Kwenye kadi hela inavutwa, na kamba kashika yeye.)

Hatua ya 3: Soma makato yanayofuata

Tarehe 17 Machi, wiki mbili zimeisha, dada yetu analala zake na apu inakata dola 12.99. Ombi linaloenda benki safari hii lina alama kwamba limeanzishwa na mfanyabiashara, mteja hayupo, na linabeba namba ya ule muamala wa tarehe 3 Machi. Hii namba inatolewa na mtandao wa kadi wenyewe, Visa au Mastercard, na kazi yake ni kuionyesha benki kwamba huyu hajatokea hewani, kuna siku mwenye kadi alikuwepo akakubali. Visa walianza kudai alama hizi mwaka 2017. Kabla ya hapo mara nyingi benki ilikuwa inaona muamala bila CVV na bila OTP, na ilikuwa vigumu kwake kujua kama ni sabskripsheni au ni mwizi.

Kwa mujibu wa kanuni za Visa tangu Aprili 2020, mwenye ofa ya kujaribu bure anatakiwa akutumie ukumbusho kwa imeili au meseji angalau siku 7 kabla hajaanza kukata, wenye linki ya kujitoa. Kwa mfano wetu ni ifikapo tarehe 10 Machi. Tatizo ni kwamba imeili hizo zinaangukia kwenye ule upande wa matangazo, nani anausoma? Tafuta jina la kampuni kwenye imeili yako yote pamoja na spamu kabla hujasema hukuambiwa.

Kwenye taarifa ya akaunti yake ataona shilingi, siyo dola. Tuseme benki siku hiyo ilimgeuzia kwa 2,650, ni kama 34,400, na mwezi wa pili anaona 34,900 anadhani wamepandisha bei, kumbe bei ni ileile ila dola imetikisika au benki imeongeza makato yake ya fedha za kigeni. Linganisha risiti ya dola kwenye imeili kwanza ndipo ulalamike.

Na jina. Jina linalotokea kwenye taarifa ya benki mara nyingi siyo jina la apu, ni la kampuni mama au lina jina la mchakataji mbele, halafu limefupishwa kwa herufi kubwa na namba ya simu ya Marekani kwa nyuma. Ukiona jina usilolijua usikimbilie kublok kadi. Angalia kiasi na tarehe. Kiasi kilekile cha dola, tarehe ileile kila mwezi, hiyo ni sabskripsheni karibu kila mara. Wizi wa kadi hauna adabu ya kusubiri tarehe 17.

Hatua ya 4: Jua kwa nini njia za mkato hazisaidii

Dada yetu mwezi wa nne kazi zimepungua, anafuta apu kwenye simu. Tarehe 17 Aprili anakatwa. Kufuta apu ni kufuta picha kwenye simu yako, ule msimbo uko kwenye seva ya watu.

Akasema sawa, nitahamisha hela kila ikikaribia tarehe 17. Hii nayo ina mambo yake. Ombi likikuta salio halitoshi, benki inajibu kwa msimbo 51, na msimbo huo kwa mfanyabiashara maana yake ni "jaribu tena baadaye". Kanuni za Visa zinamruhusu kujaribu muamala huohuo uliokataliwa mpaka mara 15 ndani ya siku 30. Na mifumo ya kisasa haijaribu ovyo, inapendelea siku ambazo watu wanakuwa na hela, kwa hiyo unashangaa mshahara umeingia tarehe 28 usiku na alfajiri dola 12.99 imeondoka. Juu ya hapo kuna watoa kadi za mtandaoni wanaokata ada kwa kila muamala uliokataliwa, unaweza ukakimbia dola 13 ukalipa ada mara nne. Kuacha akaunti tupu ni kukataa kile kibali cha pili tu, tena kwa leo tu. Ruhusa yako bado iko palepale.

Tarehe 25 Aprili kadi yake inapotea daladala, anaifunga, benki inampa mpya yenye namba mpya. Hapa akapumua kabisa, akasema wale wa apu wameisha. Tarehe 17 Mei wamekata. Kwenye kadi mpya. Ambayo hajawahi kuiweka popote!

Hii ndiyo inayowatia watu wazimu zaidi na ndiyo inayofanya wadhani mtu wa benki kauza namba zao. Kilichotokea kina njia mbili. Ya kwanza, Visa na Mastercard wana huduma ya kusasisha kadi, kwa Visa inaitwa Visa Account Updater na kwa Mastercard ni Automatic Billing Updater. Benki iliyojiunga nayo inapotoa kadi mpya inapeleka taarifa kwamba namba hii ya zamani sasa ni hii, na wafanyabiashara waliohifadhi ile ya zamani wanapata mpya kimyakimya. Ya pili ni tokeni ya mtandao. Hii siyo ile tokeni ya mchakataji niliyokuonyesha pale juu, hii inatolewa na Visa au Mastercard wenyewe na imefungwa kwenye akaunti ya kadi yako, kwa hiyo plastiki ikibadilika tokeni inahamia kwenye kadi mpya na duka halihitaji hata kujua kwamba kuna kilichobadilika.

Lengo lao ni zuri, hebu fikiria una hostingi ya tovuti ya ofisi, kadi imeisha muda, tovuti imelala. Ila kwa mtu aliyekuwa anategemea kadi mpya imwokoe, hamna wokovu hapo. Siyo benki zote zimejiunga, ndio maana jirani yako atakwambia yeye alibadilisha kadi na makato yakaisha, na wewe kwako yanaendelea, wote mnasema kweli. Unaweza kuiuliza benki kama kadi yako imo kwenye huduma ya kusasisha na kuomba itolewe. Omba kabla hawajatoa kadi mpya, maana taarifa ikishatumwa imeshafika.

Hatua ya 5: Jitoe, na kwa mpangilio huu

Anza kwa kujua ulijiunga kupitia mlango gani, maana unatokea mlango uleule. Hapa watu wanapoteza muda kweli. Mtu amejiunga kupitia duka la Google halafu anahangaika kwenye tovuti ya apu kutafuta kitufe cha kujitoa, hakipo, anasema matapeli. Jina kwenye taarifa ya benki likianza na GOOGLE, fungua Play Store, bonyeza picha yako, `Payments & subscriptions`, halafu `Subscriptions`. Ikiwa ni APPLE.COM/BILL, kwenye aifoni nenda `Settings`, jina lako, `Subscriptions`. Ikianza na PAYPAL, ingia PayPal kwenye mipangilio ya malipo utafute `Automatic payments`. Isipokuwa mojawapo ya hizo basi ulijiunga moja kwa moja kwa kampuni, na unajitolea kwenye akaunti yako kwenye tovuti yao, sehemu ya bili.

Ukikuta kuna kufuta kadi na kuna kusitisha mpango, sitisha mpango kwanza. Kufuta kadi peke yake, wengi hata hawakuruhusu kama mpango uko hai, na wengine wanaiondoa kwenye skrini yako huku mpango ukihesabika kama una deni. Na kufuta akaunti nzima kabla hujasitisha ni kosa baya zaidi, kwa sababu umejifungia nje, huna pa kuingilia kusitisha, na makato wakati mwingine yanaendelea.

Fanya siku kadhaa kabla ya tarehe, usisubiri usiku wa tarehe 16. Mifumo mingi inakata kwa saa za kwao au inaandaa bili mapema kidogo, na Apple wenyewe wanataka usitishe jaribio la bure angalau saa 24 kabla halijaisha. Kwa ofa za bure mimi nashauri sitisha siku ileile uliyojiunga, maana sehemu nyingi zinakuachia utumie mpaka muda uishe, ila soma kwanza, zipo zinazokata huduma papo hapo.

Ukimaliza, usiamini skrini iliyosema "tumesikitika kukuona unaondoka", kuna wengine baada ya hapo wana kurasa mbili zaidi za kukuuliza kama una uhakika na ukifunga hapo katikati hujatoka. Uthibitisho ni imeili ya kusitishwa, au ukurasa wa bili unaosema mpango unaisha tarehe fulani na haurudiwi. Piga skrinshoti ionekane tarehe.

Dada yetu alifanya hivyo tarehe 20 Mei. Akapata imeili: mpango unaisha tarehe 16 Juni.

Hatua ya 6: Wakikata tena, nenda benki na maneno sahihi

Tarehe 17 Juni wakakata. Sasa hapa ndipo ana kesi, na aone tofauti na yale ya nyuma. Makato ya Machi, Aprili na Mei hawezi kuyadai benki kama sabskripsheni iliyositishwa, kwa sababu siku zile alikuwa hajasitisha, alikuwa amefuta apu tu. Anaweza kuwaomba wenyewe kwa hisani, wengine wanarudisha mwezi mmoja ukiwaandikia vizuri. Ya Juni ni haki yake.

Kwanza aliwaandikia kampuni, kwa sababu benki itamuuliza kama amefanya hivyo. Imeili fupi: nilisitisha tarehe 20 Mei, uthibitisho huu hapa, mmekata tarehe 17 Juni dola 12.99, rudisheni. Akawapa wiki. Kimya.

Akaenda benki. Na hapa maneno unayotumia yanabadilisha kila kitu. Ukisema "sijui huu muamala, nimeibiwa", benki inafungua kesi ya udanganyifu, inafunga kadi yako, na mfanyabiashara anajibu kwa kuonyesha OTP yako ya tarehe 3 Machi, imeili yako na rekodi za wewe kutumia apu. Unashindwa, na unaonekana mwongo. Sema ukweli wake: "Nilijiunga mwenyewe, nilisitisha tarehe 20 Mei, wamekata baada ya kusitisha, naomba kupinga huu muamala kama malipo ya kujirudia yaliyositishwa." Kwa Visa hiyo ni sababu inayojulikana kwa namba 13.2, na mtu wa dawati la kadi akiisikia anajua aanzie fomu gani. Muda wa mwisho kwa Visa ni siku 120 tangu muamala, kwake inaangukia tarehe 15 Oktoba, ila benki nyingi zinataka uje mapema zaidi ya hapo ili na wao wapate muda wa kufanya kazi, kwa hiyo usikae nayo.

Ombi la pili, na hili wengi hawajui kama lipo, ni kuomba benki iweke zuio kwa mfanyabiashara huyo. Visa wana majibu maalumu kwa ajili hiyo: R0 ni kuzuia malipo, R1 ni kwamba mwenye kadi ameondoa ruhusa kwa mfanyabiashara huyu, R3 ameondoa ruhusa zote. Tofauti yake na ile 51 ya salio ni kubwa. Haya ni majibu ambayo mfanyabiashara haruhusiwi kujaribu tena, na akiendelea kujaribu mtandao unamtoza. Shida ni kwamba siyo kila mhudumu wa tawini amewahi kuyasikia, atakwambia suluhisho ni kufunga kadi, na kufunga kadi tumeshaona kulivyomfaa dada yetu. Omba uunganishwe na kitengo cha kadi makao makuu, andika kwa imeili, taja jina la mfanyabiashara kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti herufi kwa herufi, namba nne za mwisho za kadi, tarehe na kiasi cha kila muamala.

Kufunga kadi nako kuna mahali pake, nisije nikaeleweka vibaya. Kama hujawahi kujiunga kabisa, hakuna imeili yoyote, hakuna muamala wa sifuri wa mwanzo, kiasi kinabadilika kila mara na tarehe hazieleweki, hapo funga mara moja na sema wazi kwamba ni wizi ili kadi mpya isiunganishwe na ile ya zamani.

Kama wewe ndiye mfanyabiashara unayetaka kuanza kukata wateja kila mwezi, mengi umeshayaona hapo juu kwa kinyume chake. Nitaongeza moja tu. Hifadhi kumbukumbu ya ruhusa: tarehe na saa, maandishi yaleyale mteja aliyoyaona siku hiyo, kiasi, na namba ya muamala wa kwanza. Nimeona watu wanahifadhi ule msimbo wa `AUTH_` peke yake kwenye lahajedwali, basi. Siku mteja akipinga, mchakataji anakuuliza ushahidi kwamba alikubali na una siku chache za kujibu, na msimbo hauthibitishi makubaliano, unathibitisha tu kwamba kadi ilipita. Na mteja akisitisha, futa msimbo wake kwenye mfumo palepale. Makato mengi ya baada ya kusitisha yanatokea kwa sababu kitufe cha kujitoa kilibadilisha neno kwenye skrini, huku ile programu inayokata usiku ikisoma orodha nyingine kabisa ambayo hakuna aliyeigusa.